Picha Iliyovutika Kwenye Runinga

Msomaji wa habari anaonekana mnene kupita kiasi, na mpira ukitua katikati ya kioo una umbo la yai. Runinga kama hiyo si mbovu. Inaonyesha picha ya umbo moja kwenye kioo cha umbo jingine.

Kioo cha runinga za siku hizi kina uwiano wa 16:9. Vipindi vya zamani, na DVD nyingi za zamani, vilirekodiwa kwa 4:3. Kwenye runinga ya inchi 40, kioo kina upana wa sentimita 89 hivi na kimo cha 50. Picha ya 4:3 ikikaa hapo bila kuharibiwa huchukua upana wa sentimita 66 tu, na pembeni hubaki weusi wa sentimita 11 au 12 kila upande. Ukilazimisha ijaze kioo, kila mtu ananenepa kwa theluthi moja. Ukichagua Zoom, maumbo yanabaki sawa, lakini robo ya picha inakatwa juu na chini, na mara nyingi ndiko yaliko maandishi ya tafsiri na matokeo ya mechi.

Anza na king'amuzi, kwa sababu nacho kina mpangilio wake, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kikiwa kimewekwa 4:3, kinaweza kuibana picha pana ndani ya fremu nyembamba kabla haijafika kwenye runinga. Dalili yake ni weusi pande zote nne. Watu wakiona hivyo hukimbilia Zoom ya runinga. Kioo kinajaa, ila picha inafifia. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, uweke 16:9, kisha ndipo urudi kwenye runinga.

Sasa shika rimoti ya runinga. Tafuta Picture Size, Aspect Ratio au Wide Mode. Jina hutegemea kampuni. Runinga nyingi hukumbuka chaguo la kila tundu peke yake, kwa hiyo hakikisha kwanza chombo unachokirekebisha ndicho kinachoonekana. King'amuzi kilicho HDMI 1 kipe 16:9. Deki iliyounganishwa kwa waya za rangi tatu, ikicheza DVD ya zamani, ipe 4:3. Kompyuta ya mapajani iliyo HDMI 2 ina tatizo lake: runinga huweza kukata kingo za picha, ukakosa mstari wa chini wenye saa. Hapo chagua Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana nalo.

Hakiki kwa kitu cha duara, kama saa ya ukutani au mpira ulio katikati ya kioo. Pima kwa rula upana na kimo; vikilingana, umemaliza.

Filamu nyingi za sinema ni pana hata kuliko 16:9, kwa hiyo weusi wa juu na chini utabaki. Uache. Hiyo ndiyo picha nzima.