Video Moja, Sikukuu Nne

Wiki mbili kabla ya Idi, fundi cherehani hana muda wa kula. Desemba hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana salamu za wateja mara nyingi huungwaungwa usiku wa mwisho: picha ya mwezi na nyota iliyookotwa mtandaoni, maneno yanayometameta, jina la duka pembeni. Mteja anazo nyingi za namna hiyo kwenye simu yake, na hakuna hata moja inayomwonyesha mtu anayemfahamu.

Dawa yake ni kurekodi wakati kazi imepoa, kwa siku moja, video itakayotumika Idi, Pasaka, Krismasi na Mwaka Mpya. Siri iko katika kuigawa. Video iwe na kichwa kinachobadilika, na kiwiliwili kisichobadilika.

Tuchukue fremu ya ushonaji yenye mafundi watatu. Mwenye duka anasimama akiitazama mlango, mwanga umpige usoni. Akiupa mlango mgongo atatoka mweusi. Simu inasimamishwa wima, karibu naye kiasi cha mkono mmoja, kwa sababu maikrofoni ya simu hunasa feni kuliko mtu aliye mbali. Feni na cherehani vizimwe. Kisha abonyeze kioo cha simu na kushikilia kidole kwenye uso wake mpaka mwanga ufungwe, usipande na kushuka katikati ya maneno.

Anaanza na vichwa. Anasema, “Wateja wetu, Idi Mubarak,” ananyamaza kidogo, kisha, “Wateja wetu, Krismasi njema,” na kuendelea hivyo hadi Mwaka Mpya. Kila kimoja huchukua kama sekunde 3. Ule ukimya wa katikati usipuuzwe, maana ndipo mkasi utakapopita. Sentensi ikiungana na inayofuata, mkataji atakata pumzi au nusu ya neno, na mtazamaji atajua kwamba kuna kiraka.

Kiwiliwili kinafuata: “Ahsanteni kwa kutuamini na nguo zenu. Mwenyezi Mungu awajalie furaha, nyinyi na wa nyumbani kwenu.” Hapo sauti yake iendelee, lakini picha iwe ya mikono: chaki ikichora kitambaa, mafundi wakiinua vichwa na kupunga mkono. Picha ya mikono inaficha kiungo, kwa kuwa jicho halilinganishi tena uso wa sentensi ya kwanza na wa pili. Sekunde 8 zinatosha. Mwisho ni kibao cha duka kwa sekunde 4, bila maneno. Jumla 15.

Kinachoharibu mpango huu ni vitu vidogo vinavyoingia kwenye kiwiliwili bila kuonekana. Kalenda ukutani inataja mwaka. Kanzu zilizotundikwa nyuma zinasema Idi hata siku ya Krismasi. Neno “mfungo” au “kuzaliwa” likiponyoka, kiwiliwili kimeshakuwa cha sikukuu moja. Bei nayo isiwemo, maana salamu yenye bei ni tangazo, na mteja ataipita kama matangazo mengine. Muziki? Mimi ningeuacha. Wimbo wa msanii una mwenyewe wa kuombwa ruhusa, na taarabu inayofaa Mwaka Mpya haifai asubuhi ya Pasaka. Mlio wa cherehani, uliorekodiwa peke yake na kuwekwa chini sana, unafaa siku zote.

Kuunganisha ni kazi ya dakika chache kwenye programu kama CapCut: unatoa kichwa, unaweka kingine, unahifadhi nakala nne. Maandishi yakae katikati, kwani juu kwenye stetasi hukaa jina lako na chini nafasi ya kujibu. Tunza faili asilia. Nakala iliyopita WhatsApp imeshabanwa, na ukiikata na kuituma tena hubanwa mara ya pili, uso ukawa na ukungu.

Siku ya kutuma ina adabu yake. Idi hungoja mwezi, kwa hiyo tarehe isiandikwe kwenye video, wala isitumwe kabla ya mwandamo kutangazwa. Ya Pasaka isitoke Ijumaa Kuu, siku ya majonzi, ingoje Jumapili. Ukituma kwa orodha ya wengi kwa mpigo kupitia WhatsApp, ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo wateja wapya watumie mmojammoja, na uandike majina yao: “Mama Salma, salamu zetu hizi.”

Fundi akihama, au namba iliyo kwenye kibao ikibadilika, rekodi kiwiliwili upya. Avae nguo ileile mwenye duka, asimame palepale, na vichwa vya zamani vitaendelea kutumika.