Kodi ya Zuio Kwenye Pango: Kwa Nini Asilimia 10 Juu ya Bei Si Sawa na Asilimia 10 Iliyomo Ndani ya Bei

Mfanyabiashara, kampuni au taasisi inayopanga jengo kwa ajili ya shughuli zake hapa nchini inatakiwa kisheria kuzuia asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mmiliki, kisha kuwasilisha kiasi hicho kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kodi hiyo ni ya mmiliki, na mpangaji ni wakala wa kuizuia tu. Hata hivyo, hesabu yake huleta migogoro mara kwa mara, hasa pale mkataba unapotaja fedha ambazo mmiliki atapokea mkononi badala ya pango lote.

Chanzo cha migogoro hiyo ni swali moja: asilimia 10 ya kiasi gani? Sheria inapima kodi ya zuio kwa pango ghafi, yaani pango lote kabla ya kukatwa chochote. Pango ghafi likiwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, mpangaji huzuia shilingi 100,000 na kumlipa mmiliki shilingi 900,000. Kodi hapo imo ndani ya bei.

Tuchukue sasa mfano wa mmiliki wa fremu ya duka, asiyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, anayesema: "Nataka shilingi 900,000 mkononi, mambo ya kodi utamalizana nayo mwenyewe." Mpangaji akikubali, wengi hukokotoa asilimia 10 ya 900,000, wakapata shilingi 90,000 na kuziwasilisha TRA. Hesabu hiyo ina upungufu. Shilingi 90,000 zilizolipwa kwa niaba ya mmiliki nazo ni sehemu ya pango, hivyo pango ghafi limekuwa shilingi 990,000 na kodi yake ni shilingi 99,000. Ukiongeza shilingi 9,000 zilizopungua, pango linapanda kuwa 999,000 na kodi inakuwa 99,900. Kila nyongeza huzaa nyongeza nyingine ndogo zaidi, hadi hesabu itulie kwenye pango la shilingi 1,000,000 na kodi ya shilingi 100,000.

Njia ya mkato ni kutambua kwamba fedha za mkononi ni sehemu 90 kati ya 100 za pango. Gawanya 900,000 kwa 90, kisha zidisha kwa 100, utapata 1,000,000. Ukilinganisha kodi ya shilingi 100,000 na fedha za mkononi, ni takribani asilimia 11.1. Kwa hiyo asilimia 10 iliyomo ndani ya bei ni sawa na asilimia 11.1 inayowekwa juu ya kiasi kinachobaki.

Tofauti katika mfano huu ni shilingi 10,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 120,000 kwa mwaka. Mzigo huo unaweza kumwangukia mpangaji, kwa kuwa wakala anayeshindwa kuzuia kodi huwajibika kuilipa hata kama fedha yote imekwishamfikia mmiliki.

Kodi ya Ongezeko la Thamani huenda kinyume na hapo. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara cha asilimia 18 hupimwa kwa bei isiyo na kodi, kisha huwekwa juu yake. Bidhaa ya shilingi 1,000,000 huuzwa kwa shilingi 1,180,000. Anayetaka kujua kodi iliyomo katika bei hiyo ya mwisho asichukue asilimia 18 ya 1,180,000, kwani atapata shilingi 212,400, ambazo ni nyingi kupita kiasi. Azidishe bei kwa 18 na kugawanya kwa 118, apate shilingi 180,000.

Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa, ni muhimu kufahamu kiwango kinapimwa kwa kiasi gani. Baada ya kukokotoa, hesabu ihakikiwe kwa kugawanya kodi kwa kiasi hicho. Kwa kodi ya zuio, kodi ikigawanywa kwa jumla ya fedha za mkononi na kodi yenyewe, jibu liwe asilimia 10. Katika kosa lililoelezwa hapo juu, 90,000 kwa 990,000 ni takribani asilimia 9.1 tu.

Ili kuepusha mgogoro, mkataba wa upangaji uandike tarakimu zote tatu: pango ghafi, kodi ya zuio na fedha atakazopokea mmiliki. Ifahamike pia kuwa katika lugha ya kila siku neno "kodi" hutumika kwa pango na kwa malipo ya Serikali, hivyo sentensi kama "kodi ni shilingi 900,000" haitoshi kueleza kilichokubaliwa.