Watazamaji Sawa, Malipo Tofauti

Kwenye YouTube, nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada kila inapojitokeza. Benki inayotafuta wakopaji hupanda dau kuliko muuza pipi, kwa sababu mteja mmoja huiletea faida kubwa. Ndiyo maana video za fedha kwa kawaida hulipa kuliko vichekesho. Nchi nayo ina uzito: mtazamaji wa Marekani hugombewa na kampuni nyingi zenye bajeti nono, wa Tanzania na chache.

RPM unayoiona YouTube Studio ni pato lako kwa kila mara 1,000 video zinapotazamwa, baada ya YouTube kuchukua fungu lake, na hata pale ambapo tangazo halikutokea.

Ukitaka kukadiria, tenganisha nchi. Tuseme chaneli ya mapishi imetazamwa mara 100,000: Tanzania 80,000 kwa RPM ya dola 0.50, Marekani 20,000 kwa dola 5. Ya kwanza inaleta dola 40, ya pili 100, jumla 140. Wamarekani wakipungua hadi 10,000 na Watanzania wakaziba pengo, unabaki na dola 95, ingawa idadi haijabadilika. Hesabu ya Desemba usiipeleke Januari: sikukuu zikipita, dau hushuka.