Serikali Ikiongeza Matumizi kwa 40, Pato Hupanda kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1936 John Maynard Keynes alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu ajira, riba na fedha. Mwaka uliofuata, Mwingereza mwenzake John Hicks aliubana mjadala wa kitabu hicho katika mchoro wa mistari miwili, ambayo leo wanafunzi wa uchumi wanaijua kwa majina ya IS na LM. Wengi hukariri mchoro bila kujua mistari yenyewe imetoka wapi, ilhali hesabu yake ni ya kidato cha pili.

Tuchukue nchi ya kubuni isiyofanya biashara na nje, ambako bei hazibadiliki. Hesabu zote ziko katika mabilioni ya shilingi, na riba, r, ni kwa asilimia. Kaya hutumia 100 hata zisipopata kitu, kisha hutumia senti 80 katika kila shilingi inayobaki baada ya kodi. Kodi ni 200, na serikali nayo inatumia 200. Wenye viwanda wangewekeza 300 kama mkopo ungekuwa bure, lakini kila riba inapopanda kwa asilimia 1 wanapunguza 20.

Pato, Y, lazima lilingane na jumla ya matumizi hayo:

```
Y = 100 + 0.8(Y − 200) + 300 − 20r + 200
Y = 440 + 0.8Y − 20r
0.2Y = 440 − 20r
Y = 2200 − 100r
```

Huo wa mwisho ndio IS. Hapa ndipo wengi huteleza: husahau kuizidisha kodi kwa 0.8, au huandika riba ya asilimia 3 kama 0.03 wakati mlinganyo umejengwa kwa 3. Mstari unashuka kwa sababu riba ikipanda uwekezaji hupungua, na pato hupungua nao.

Lakini IS peke yake haitupi jibu. Inasema pato litakuwa kiasi gani tukishaijua riba, na riba bado hatuijui. Inatubidi tuingie kwenye soko la fedha. Watu wanahitaji fedha mkononi kwa ajili ya manunuzi, nusu ya pato; ila riba ikipanda wanaona hasara kukaa na fedha isiyozaa, hivyo kila asilimia 1 inapunguza mahitaji hayo kwa 50. Benki kuu imetoa fedha 800:

```
800 = 0.5Y − 50r
Y = 1600 + 100r
```

Hii ni LM, na inapanda: pato likikua, watu wanagombea fedha ileile na riba inapanda. Sasa tuikutanishe mistari miwili:

```
2200 − 100r = 1600 + 100r
r = 3
Y = 1900
```

Usiliamini jibu kabla ya kulirudisha mwanzoni. Kaya zinatumia 1460, uwekezaji ni 240, serikali 200, jumla 1900. Mahitaji ya fedha ni 950 kutoa 150, yaani 800. Masoko yote mawili yametulia. Hesabu ikikataa katika soko moja, anza kutafuta kosa kwenye mlinganyo wa soko hilo.

Sasa serikali iongeze matumizi kwa 40 bila kugusa kodi. Kwa kuwa kila shilingi inayotumika huzaa matumizi mengine ya senti 80, na hayo tena huzaa mengine, ungetarajia 40 izidishwe mara 5, pato lipande kwa 200. IS mpya ni Y = 2400 − 100r. Ikutanishe na LM ileile: riba inakuwa 4 na pato 2000. Limepanda kwa 100 tu. Pato lilipokua, watu walihitaji fedha zaidi, fedha haikuongezeka, riba ikapanda, na uwekezaji ukashuka kutoka 240 hadi 220. Huo upungufu wa 20, ukizidishwa mara 5, ndio 100 iliyopotea.

Je, benki kuu ingeizuia riba ibaki 3? Pato lingefika 2100, na mahitaji ya fedha yangekuwa 1050 kutoa 150. Ingelazimika kutoa fedha 900 badala ya 800. Serikali ni ileile, nyongeza ni ileile, lakini matokeo ni mara mbili.

Ndiyo maana siwezi kuikubali hoja ya bajeti inayotaja nyongeza ya matumizi na kunyamaza kuhusu benki kuu. Benki Kuu ya Tanzania ilianza Januari 2024 kuongoza sera yake kwa riba badala ya kiasi cha fedha, ikianza na asilimia 5.5. Kwa benki ya namna hiyo LM haipandi tena. Inalala sambamba kwenye riba iliyotangazwa, na kiasi cha fedha ndicho kinachofuata. Ukikutana na hesabu hizi, uliza kwanza benki kuu imeshikilia nini, fedha au riba, ndipo uchukue kalamu.