Gemu haijatoka, fedha zimeshatoka

Cyberpunk 2077 ilipoingia sokoni tarehe 10 Desemba 2020, oda zake zilikuwa zimeshafika milioni 8. Siku hiyohiyo CD Projekt, kampuni ya Warsaw iliyoitengeneza, iliwaarifu wanahisa kwamba mapato yake kutokana na oda za kidijitali peke yake yalikuwa yamezidi gharama zote za kuitengeneza gemu hiyo, pamoja na za kuitangaza kwa mwaka ule. Mradi wa miaka mingi ulikuwa umerudisha gharama kabla mnunuzi wa kawaida hajabonyeza kitufe. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation na kutangaza kuwarudishia fedha wote walioinunua hapo.

Ninaichagua gemu hii kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote yanayoweza kumpata mtu anayelipa mapema, na kwa sababu watu wengi bado wanaogopa upande usio wa hatari. Wanaogopa tarehe kusogezwa. Kinachowaumiza hasa ni tarehe kufika.

Oda za Cyberpunk zilifunguliwa Juni 2019, na ahadi ilikuwa gemu kutoka tarehe 16 Aprili 2020. Januari 2020 tarehe ikasogezwa hadi 17 Septemba. Juni ikasogezwa tena, hadi 19 Novemba. Mapema Oktoba kampuni ikatangaza kwamba nakala ya kupelekwa kiwandani iko tayari, na wengi wakaamini mambo yamekwisha. Tarehe 27 Oktoba ikaongeza siku nyingine 21.

Gemu inapoahirishwa, oda haifi. Kwenye maduka ya kidijitali inahamia yenyewe kwenye tarehe mpya, na fedha iliyokwisha kukatwa inabaki ilipo. Kwa kawaida hakuna anayekurudishia bila kuomba, ila mradi ukifutwa kabisa. Lakini ahirisho linamwachia mnunuzi kitu cha thamani, nacho ni muda. Steam hukata fedha siku unapoagiza, na hukuruhusu kughairi wakati wowote kabla gemu haijatoka. PlayStation huruhusu hivyo pia kwa aliyeagiza zaidi ya siku 14 kabla ya uzinduzi. Aliyeagiza ndani ya siku hizo 14 ana siku 14 tangu alipe, mradi asianze kuipakua gemu yenyewe. Nintendo ilikuwa ngumu zaidi, ikikataa kughairi oda kabisa, hadi baraza la watumiaji la Norway lilipoibana na wenzao wa Ujerumani wakaipeleka mahakamani. Tangu Septemba 2020, kwa wateja wa Ulaya, mtu anaweza kughairi hadi siku 7 kabla ya uzinduzi, na fedha haikatwi kabla ya hapo.

Kwa hiyo aliyeagiza Cyberpunk Juni 2019 alikuwa na takriban mwaka mmoja na nusu wa kubadili mawazo bila kupoteza chochote. Tatizo ni kwamba katika muda wote huo hakuwa na habari ya kumsaidia kuamua. Wahakiki walipewa nakala za kompyuta tu, na kwa video walitakiwa kutumia picha zilizoandaliwa na kampuni. Hakiki zilitoka siku 3 kabla ya uzinduzi, zimejaa sifa. Aliyelipia toleo la PlayStation 4 au Xbox One hakuwa ameona hata hakiki moja ya toleo alilonunua. Alipoiwasha alikuta picha zinakwama, magari yanazama ardhini na gemu inajifunga yenyewe. Na saa hiyo haki yake ya kughairi ilikuwa imeshapita.

Huu ndio mtego wenyewe. Haki ya kughairi huisha pale habari ya kweli inapoanza kupatikana. Dalili ya kuangalia ni rahisi: gemu inatoka kwa mashine kadhaa, na zikiwa zimebaki siku chache hakuna hakiki wala video huru ya mashine unayomiliki wewe. Kampuni inayojiamini huwa haifichi toleo ambalo wateja wake wengi watalicheza.

Baada ya uzinduzi mlango huwa mwembamba. Steam inatoa siku 14 tangu ununue, au tangu gemu itoke kama uliilipia mapema, ilimradi hujacheza zaidi ya saa 2. Hapa angalia matoleo ya bei kubwa yanayokuruhusu kuanza kucheza siku chache kabla ya wengine. Tangu Aprili 2024 Steam inahesabu saa za siku hizo za upendeleo ndani ya zile saa 2, hivyo mtu anaweza kuwa ameshapoteza haki yake kabla gemu haijatoka rasmi.

Tarehe 14 Desemba 2020 CD Projekt iliomba radhi na kuwaambia wasioridhika warudi walikonunua. Waliofuata ushauri huo siku za kwanza walikuta maduka yakitumia kanuni zilezile za kawaida, kwa sababu kampuni haikuwa na makubaliano maalumu na Sony wala Microsoft. Wenye diski ambao duka liliwakatalia walipewa anwani ya barua pepe na mwisho wa tarehe 21 Desemba. Sony na Microsoft zililegeza masharti baadaye, kelele zilipozidi. Gemu ilirudi kwenye duka la PlayStation Juni 2021. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.85 kumaliza kesi Marekani, lakini fedha hizo zilikuwa za wawekezaji wa hisa, si za wachezaji.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuna hasara nyingine ambayo kanuni za maduka haziitaji. Steam inawauzia Wakenya na Watanzania kwa dola. Mkenya aliyelipia mapema gemu ya dola 60 Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160, alitoa kama shilingi 9,600. Akighairi miezi michache baadaye, dola ikiwa karibu 130, dola zake 60 zimerudi zote, lakini mkononi ni shilingi 7,800. Duka halijamdhulumu, ila amepungukiwa shilingi 1,800. Na wanaotumia akaunti za PlayStation za nchi nyingine, wakizijaza kwa kadi za zawadi, wajue kwamba fedha hurudi kwenye pochi ya akaunti ile. Haiji kwenye simu, na haitalipa kodi ya nyumba.

Maduka ya mtaani yanayopokea kianzio ni suala jingine, kwa sababu hapo kanuni ni ile mliyoandikiana tu. Mwenye duka naye anamsubiri msambazaji wake, mara nyingi Dubai, na tarehe ikisogea fedha yako inaweza kuwa imeshazungushwa kwenye bidhaa nyingine. Risiti itaje gemu, mashine, kiasi kilicholipwa, na tarehe ambayo ikipita unarudishiwa chako.

Diski za siku za uzinduzi zilikuwa zinaweza kwisha dukani, ndipo oda ya mapema ikawa na maana. Nakala ya kidijitali haiishi. Kama bonasi ya kuagiza mapema ni nguo ya mhusika au bunduki ya rangi, subiri hakiki za mashine yako zitoke ndipo ulipe. Na kama umeshalipa, weka kikumbusho kwenye simu siku 8 kabla ya uzinduzi: siku hiyo bado maduka ya kidijitali niliyoyataja, Nintendo ikiwa kwa wateja wa Ulaya, yanakuruhusu kughairi, iwapo uliagiza mapema ya kutosha na hujaanza kuipakua.