Mapaja Marefu, Mikono Mifupi: Dedlifti Ipi Inakufaa?

Mwaka 1985 Mmarekani Lamar Gant, aliyekuwa na uzito wa kilo 60 hivi, alinyanyua kutoka sakafuni chuma cha takriban kilo 300. Akawa mtu wa kwanza kunyanyua mara tano ya uzito wake katika dedlifti, na hali uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kwa upande. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita kawaida, kwa hiyo aliposimama wima chuma kilikuwa kimefika juu kidogo tu ya magoti. Miaka sita baadaye Ed Coan, mwenye kilo 100 hivi, alinyanyua takriban kilo 409. Yeye aliitanua miguu na kupitisha mikono katikati ya magoti, mtindo unaoitwa sumo.

Miili ya mabingwa hao wawili ilikuwa tofauti. Anayeingia jimu leo hukuta njia tatu: dedlifti ya kawaida, ambayo miguu husimama chini ya nyonga na mikono hushika chuma nje ya magoti, ya sumo, na ile ya chuma cha pembe sita, ambacho mnyanyuaji husimama ndani yake na kushika vishikio vya pembeni. Wengi huiga tu anayofanya jirani. Kumbe kipo kipimo kinachoweza kuongoza uchaguzi, nacho ni umbali wa mlalo kati ya chuma na kiungo cha nyonga pale uzito unapoanza kuachana na sakafu.

Umbali huo ndio mkono wa wenzo. Ndoo ya maji ukiishika karibu na kifua ni nyepesi, lakini ukinyoosha mkono mbele inakushinda, ingawa maji hayajaongezeka. Vivyo hivyo, nyonga ikikaa mbali nyuma ya chuma, misuli ya makalio na ya kiuno hulipa zaidi kwa uzito ule ule.

Tuchukue mfano wa wanaume wawili wenye viwiliwili sawa, sm 52 kutoka nyonga hadi bega. Wa kwanza ana mapaja ya sm 46 na mikono ya sm 65 kutoka bega hadi kiganja. Wa pili ana mapaja ya sm 41 na mikono ya sm 75. Sahani za kawaida zina kipenyo cha sm 45, hivyo chuma hukaa sm 22.5 juu ya sakafu kwa wote wawili. Ukichora mwili kwa mistari iliyonyooka, chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo na muundi ukikigusa, nyonga ya wa kwanza inaangukia sm 38 hivi nyuma ya chuma na kiwiliwili chake kinainama hadi nyuzi 39 tu kutoka usawa wa sakafu. Ya wa pili inakaa sm 32 nyuma, na kiwiliwili kinasimama kwa nyuzi 48. Wakinyanyua kilo 100 kila mmoja, nyonga ya wa kwanza inabeba mzigo wa kuzungusha unaozidi wa mwenzake kwa karibu asilimia 19. Hesabu hii ni ya mchoro na haihesabu uzito wa mwili wenyewe, lakini inaonyesha kwa nini mtu mmoja huondoka jimu mgongo ukiwa umechoka, mwingine akilalamikia mapaja.

Huyo wa pili ana mwili wa dedlifti ya kawaida, na hana sababu kubwa ya kuiacha. Wa kwanza ana njia mbili za kuusogeza mzigo karibu na nyonga.

Njia ya kwanza ni sumo. Magoti yakifunguka kwenda nje, paja halielekei tena mbele moja kwa moja, na nyonga husogea karibu na chuma. Kiwiliwili husimama zaidi na chuma husafiri njia fupi. Lakini mzigo hauyeyuki: sehemu yake huhamia kwenye misuli ya kinena, na mapaja ya mbele hufanya kazi zaidi. Pia umbo la tundu la nyonga haliwaruhusu wote kufungua miguu kiasi hicho. Dalili ni rahisi kuona. Magoti yakiporomoka ndani chuma kinapoachana na sakafu, au ukisikia kubanwa kwa maumivu mbele ya nyonga, punguza upana wa miguu. Kama bado yanaporomoka au panauma, sumo si yako.

Njia ya pili ni chuma cha pembe sita, kilichotokana na kile alichokibuni mnyanyuaji Al Gerard wa Marekani miaka ya 1980 baada ya kusumbuliwa na mgongo. Kwa kuwa hakuna chuma mbele ya miundi, magoti yana nafasi ya kusogea mbele na nyonga husogea pamoja nayo. Kwa yule mwanamume wa kwanza, mchoro ule ule unashusha umbali kutoka sm 38 hadi karibu sm 29. Watafiti waliopima wanyanyuaji wenye uzoefu na kuchapisha matokeo mwaka 2011 waliona jambo hilo: mzigo wa kuzungusha kwenye kiuno na nyonga ulipungua, ule wa goti ukaongezeka, na watu wakanyanyua uzito mkubwa zaidi. Mwenye goti bovu azingatie sehemu hiyo ya pili.

Lengo nalo lina sauti. Mashindano ya kunyanyua uzito wa juu kabisa huruhusu kawaida na sumo, lakini si chuma cha pembe sita. Mashindano ya watu wenye nguvu za ajabu kwa kawaida hukataa sumo. Mcheza mpira anayetaka kuruka na kukimbia kwa nguvu hana sheria ya kumbana, na chuma cha pembe sita humfaa kwa kuwa kinaruhusu kusukuma ardhi kwa kasi. Anayetaka kukuza misuli ya nyuma ya paja na mgongo, naye hana maumivu, atapata kazi nyingi zaidi katika dedlifti ya kawaida.

Katika jimu nyingi za mitaani kuna tatizo jingine. Sahani ni ndogo, au uzito umetengenezwa kwa saruji, na chuma hulala chini ya sm 22.5. Kila sentimita inayopungua humwinamisha zaidi mwenye mikono mifupi. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya chuma, kisha weka mbao imara chini ya sahani hadi kimo kitimie. Asiye na chuma cha pembe sita anaweza kuinua zaidi, hadi sm 30 hivi, na nafuu nyingi ataipata hapo.

Uamuzi wa mwisho hutolewa na video. Weka simu kwenye kimo cha nyonga, upande wa mwili, kisha fanya marudio 5 kwa uzito ambao ungeweza kurudia mara 8. Tazama mambo matatu: nyonga kupanda kabla ya mabega, chuma kuachana na muundi, na kiuno kubadilisha umbo lake katika rudio la nne na la tano. Rudia na mitindo mingine siku tofauti, kwa juhudi ile ile, na angalia mgongo unavyojisikia asubuhi inayofuata. Uchovu wa misuli unaoisha ndani ya siku mbili ni wa kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni kupita goti, ganzi au mguu kulegea yanahitaji daktari kabla ya mtindo wowote, na kushindwa kuzuia mkojo au ganzi ya sehemu za siri ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.