Ovataimu ya Fundi Ilipwe na Kitanda Kipi?

Tuchukue fundi seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, anayelipwa shilingi 4,000 kwa saa. Wiki hii amefanya saa 45 za kawaida, kisha saa sita za jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka saa ya ovataimu ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi, kwa hiyo kila saa ya jioni ni 6,000. Jumamosi anaondoka na 216,000. Yeye hesabu yake imekwisha. Ya mwenye karakana ndiyo kwanza inaanza.

Mchana fundi alikuwa kwenye madawati ya shule, jioni akawa kwenye kitanda. Karani akifungua daftari huona kitanda kimekula saa sita za shilingi 6,000, basi hukiandikia 36,000. Inaonekana ni haki kabisa, lakini tuulize: kwa nini kitanda kilitengenezwa jioni? Mteja wa kitanda hakuwa na haraka. Oda zilikuwa nyingi, na msimamizi alianza na madawati. Angeanza na kitanda, madawati ndiyo yangeingia jioni. Kitanda hakikusababisha ovataimu. Wingi wa kazi ndio uliosababisha.

Ndiyo maana malipo ya ovataimu hugawanywa vipande viwili. Ile 4,000 ya kawaida ni ujira wa moja kwa moja wa kitanda, maana mkono wa fundi ulikuwa kwenye kitanda. Nyongeza ya 2,000 kwa saa, jumla 12,000, huingia kwenye gharama za jumla za karakana, pamoja na pango na mafuta ya mashine, na kazi zote huibeba. Mambo hubadilika mteja anapokuja Alhamisi na kusema anataka kitanda chake Jumamosi bila kukosa. Hapo haraka ni yake na nyongeza ni yake: 36,000 yote iandikwe kwenye kitanda, naye aelezwe hivyo kabla hajakubali bei.

Sasa zile saa 45 za mchana. Kadi ya kazi inaonyesha kwamba madawati yalichukua 40 tu. Saa mbili zilikwenda kwenye kubadilisha visu vya mashine ya randa na kungoja mbao zishushwe. Hakuna karakana inayokwepa hilo, kwa hiyo ni muda wa kawaida wa kukaa bure, na 8,000 yake huingia kwenye gharama za jumla. Saa tatu nyingine mota ya msumeno iliungua na fundi akakaa. Hizo si za kawaida. Mnunuzi wa dawati hakununua mota iliyoungua, na dawati halikuongezeka thamani kwa sababu fundi alikaa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinakataza upotevu usio wa kawaida wa nguvu kazi kuingizwa katika gharama ya bidhaa. Ile 12,000 huenda moja kwa moja kwenye hesabu ya faida na hasara.

Tukusanye. Saa 46 za kazi halisi ni 184,000, gharama za jumla 20,000, hasara 12,000. Jumla inarudi palepale, 216,000. Ile 20,000 ikigawanywa kwa saa 46, kila saa hubeba takriban shilingi 435. Kitanda kisicho cha haraka kinagharimu kama 26,600 za ufundi, siyo 36,000. Karani yule angekuwa amekizidishia zaidi ya 9,000, na mwenye karakana angepandisha bei mpaka mteja akahamia kwa jirani.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wahasibu wazoefu. Tuseme saa tatu kati ya zile sita za jioni zilifanywa kufidia muda wa mota. Nyongeza yake, 6,000, nayo imetokana na kuharibika kwa mashine, kwa hiyo itoke kwenye gharama za jumla iifuate hasara. Ikiachwa humo, bei za mwezi ujao zitabeba ajali ambayo huenda isijirudie.

Haya yote hayawezekani kama kadi ya kazi inaandika saa peke yake. Vitanda viwili vya aina moja vikionyesha gharama tofauti kwa sababu tu kimoja kilitengenezwa jioni, hiyo ndiyo dalili. Ongezeni safu moja ya sababu, na msimamizi aijaze siku ileile, kabla hajasahau kama fundi alikuwa akingoja mbao au mota.